Ripoti ya Majeraha Inapofika Mahakamani
Hotuba kwa madaktari, matabibu na wauguzi wa idara ya dharura

Waheshimiwa madaktari, ndugu matabibu na wauguzi, nanyi wanafunzi mliokaa nyuma kabisa kana kwamba hotuba ni mtihani.

Nimeombwa nizungumzie ripoti ambazo huenda siku moja zikasomwa mbele ya hakimu. Zipo za aina nyingi, nami nitashika moja tu: ripoti ya majeraha ya mtu anayesema amepigwa. Nimeichagua kwa sababu huandikwa usiku, huandikwa haraka, na anayeiandika ana wagonjwa wengine watano wanaomsubiri nje ya pazia. Kesi inapoitishwa, pengine baada ya miaka miwili au mitatu, jeraha limeshapona na mwandishi hakumbuki hata sura ya mgonjwa. Kilichobaki ni karatasi. Wakili hatauliza unakumbuka nini. Atauliza uliandika nini.

Hii hapa ni ripoti niliyoitunga kwa ajili ya leo. Haitoki katika faili la mtu yeyote, ingawa nina hakika wengi mmewahi kuona ndugu zake:

"Mgonjwa amepigwa na jirani yake kwa panga jana usiku. Ana jeraha kubwa la kukatwa kichwani na alama nyingine mwilini, baadhi za zamani. Amelewa. Ameshonwa, amepewa dawa. Hali nzuri."

Kwa zamu inayofuata, ripoti hii inatosha. Muuguzi wa asubuhi ataelewa cha kufanya. Mahakamani haifiki mbali, na sababu yake si ufupi. Kila sentensi ndani yake imechanganya mambo ambayo msomaji wa baadaye anahitaji ayaone yametengana. Naomba tuifungue sentensi kwa sentensi.

"Amepigwa na jirani yake kwa panga." Nani anasema hapa? Ukiisoma kama ilivyo, anayesema ni daktari, na daktari hakuwepo. Wakili wa mshtakiwa atauliza kwa upole kabisa: "Daktari, ulimwona jirani huyo? Uliliona panga?" Ukishajibu hapana mara mbili, ataanza kuuliza ni maneno gani mengine ndani ya ripoti uliyoyaandika bila kuyaona, na sasa hata yale uliyoyaona kwa macho yako yameingia kwenye shaka hiyohiyo.

Tiba yake ni rahisi: aliyesema atajwe, na maneno yake yabaki yake. Andika mgonjwa alieleza nini, kwa maneno aliyoyatumia, ndani ya alama za kunukuu. Kama kuna mkalimani, sema yupo. Kama habari imetoka kwa aliyemleta mgonjwa, sema hivyo. Mara nyingi mno habari ya silaha huanzia mapokezi. Mtu aliyemshika mgonjwa mkono anasema "panga", karani anaandika panga, muuguzi anasoma panga, daktari ananakili panga. Mgonjwa mwenyewe alisema "chuma", lakini hakuna aliyemuuliza. Muulize mwenyewe, tena aliyemsindikiza akiwa nje ya chumba, kwa maana mtu huyo anaweza kuwa shahidi, anaweza kuwa ndiye aliyempiga, na kwa vyovyote vile huwezi kujua.

Na ukiandika maneno ya mgonjwa, tumia "alisema" au "alieleza". "Anadai" iacheni. Msomaji akiona "anadai" anasikia kwamba daktari hakumwamini mgonjwa, na huko nako ni kutoa maoni kwa mlango wa nyuma.

"Jana usiku." Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa sisi tunaozungumza Kiswahili tuna tatizo letu. Mgonjwa akisema saa mbili, ana maana ya saa mbili za usiku au za asubuhi kwa hesabu yetu. Daktari aliyezoea mashine za wodini akiandika 2:00, mtu mwingine atasoma saa nane. Tofauti ya saa sita inatosha kabisa kumweka mshtakiwa mahali pa tukio au kumwondoa. Tena tuna "usiku wa kuamkia Jumamosi", ambao kwa kalenda ya mahakama huanza Ijumaa na kuishia Jumamosi. Kwa hiyo maneno ya mgonjwa yaandike kama alivyoyasema, "kama saa mbili usiku hivi", na nyakati zako mwenyewe ziandike kwa mtindo wa saa 24, pamoja na siku, tarehe, jina la mwezi na mwaka. Jina la mwezi, kwa sababu 03/04 kwa mtu mmoja ni Aprili na kwa mwingine ni Machi.

Nyakati zenyewe ni nne na hazifanani. Kuna wakati wa tukio, ambao unaujua kwa kuambiwa tu. Kuna wakati mgonjwa alipofika, ambao uko kwenye daftari la mapokezi. Kuna wakati ulipoanza kumpima. Kuna wakati ulipoandika. Huo wa nne ndio unaosahaulika, nao unauliziwa sana. Ripoti iliyoandikwa palepale kitandani ina uzito mmoja; iliyoandikwa saa sita baadaye ina mwingine; iliyoandikwa wiki tatu baadaye, polisi walipokuja na fomu, ina mwingine tena. Zote zinaweza kuwa za kweli. Lakini ukiificha hiyo ya wiki tatu nyuma ya tarehe ya tukio, ikagundulika, hata ukweli uliomo hautakuokoa. Andika: imeandikwa tarehe fulani, kutoka kwenye maelezo niliyoyaweka ndani ya faili tarehe fulani. Hakuna aibu ndani yake.

Sasa nije kwenye sentensi iliyonifanya nichague mada hii. "Jeraha kubwa la kukatwa."

Ngozi ikifunguka, jambo la kwanza ambalo mahakama inataka kujua ni kama imefunguliwa na kitu chenye makali au na kitu butu. Jeraha la kukatwa hutokana na makali: kisu, panga, wembe, kioo. Kingo zake ni safi, hazijachubuka, na ukizifungua kidogo ndani hakuna kitu kinachoziunganisha, maana makali yamepita na kukata kila kilichokuwa njiani. Jeraha la kupasuka hutokana na ngozi kubanwa kati ya kitu butu na mfupa mpaka ikaachia. Kingo zake zimechanika ovyo na kuchubuka, mara nyingi na damu imevilia pembeni, na ndani yake utaona nyuzinyuzi za tishu zimevuka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Mishipa midogo, neva na nyuzi za tishu hunyumbulika, hivyo huweza kubaki hata ngozi ilipokwisha kuachia. Makali hayangeziacha.

Shida ni kwamba kichwani, kwenye nyusi na kwenye muundi, mfupa uko karibu sana na ngozi. Ngozi ya hapo ikipigwa na kitu butu inaweza kupasuka kwa mstari ulionyooka kiasi kwamba ukiitazama kutoka hatua mbili utaapa ni panga. Damu na nywele huongeza udanganyifu. Ndiyo maana jeraha la kichwa haliwezi kupewa jina kabla ya kusafishwa, kuwekewa taa na kufunguliwa taratibu kwa koleo ili kuangalia zile nyuzinyuzi. Kioo cha kukuzia kinasaidia. Nywele zilizo kando ya jeraha nazo zitazame: makali huzikata zikabaki na ncha safi, kitu butu huziponda au huzisukuma ndani ya jeraha.

Ukishashona, mengi ya hayo yamepotea. Umenyoosha kingo, pengine umekata tishu iliyokufa, umebadilisha urefu. Mgonjwa anayetoka damu hasubiri rula, hilo halina mjadala, na anayetaka damu isimamishwe kwanza aisimamishe kwanza. Lakini kwa majeraha mengi kati ya ganzi kuingia na sindano ya kwanza kupita kuna dakika chache ambazo zinatosha kupima na kupiga picha. Kama haikuwezekana, andika kwamba vipimo vimechukuliwa baada ya kushona, na sababu yake.

Na kama huna uhakika ni kukatwa au kupasuka? Basi usitoe jina. Eleza unachokiona: mahali, urefu, kina, hali ya kingo, kilichomo ndani. Mtaalamu mwingine akiyasoma maelezo hayo miaka mitatu baadaye anaweza kufikia jibu. Jina lisilo na maelezo halimpi chochote cha kushika, na likiwa jina potofu linampeleka kwenye silaha ambayo haikuwepo.

"Kubwa" nalo si kipimo. Sentimita ni kipimo. Na "kichwani" si mahali. Toa umbali kutoka kwenye kitu ambacho hakihami: tundu la sikio, nundu ya mfupa wa kifundo, kilele cha goti. Kulia na kushoto ni kwa mgonjwa, si kwako unayemtazama, na liandike hilo waziwazi. Picha ziwe tatu kwa kila jeraha: moja ya mbali inayoonyesha ni sehemu gani ya mwili, moja ya kati, na moja ya karibu yenye rula iliyolala kando ya jeraha katika usawa uleule, kamera ikitazama moja kwa moja bila kuinama. Piga hiyo ya karibu mara mbili, na rula na bila rula, asije mtu akasema rula ilificha kitu.

Twende kwenye "alama nyingine mwilini, baadhi za zamani". Za zamani kiasi gani, na umejuaje? Wengi wetu tulifundishwa jedwali la rangi: nyekundu leo, zambarau kesho, kijani siku ya tano, manjano wiki ijayo. Jedwali hilo halitegemeki. Damu iliyovilia kwenye paja la mtu mmoja siku hiyohiyo inaweza kuwa na rangi tofauti na ile iliyovilia kwenye mkono wake, na kwenye ngozi nyeusi sana rangi zenyewe huonekana kwa shida. Mwaka 1991 watafiti Langlois na Gresham walichunguza picha za damu iliyovilia ambayo umri wake ulijulikana, na jambo kubwa waliloweza kulisimamia ni moja: palipo na rangi ya manjano, jeraha lina zaidi ya saa 18. Kinyume chake hakisemi kitu. Kukosekana kwa manjano hakuthibitishi kwamba jeraha ni jipya. Hata hiyo manjano, watu wawili wakitazama picha moja huweza kutofautiana kama wanaiona. Kwa hiyo iandike rangi unayoiona, mahali unapoiona, na mwanga uliotumia. "La siku tatu" ni kubahatisha, na wakili aliyejiandaa atakuuliza mpaka ulikiri hilo wewe mwenyewe.

"Amelewa." Neno hili limeponza watu kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya kitabibu: mtu aliyepigwa kichwani anaweza kuyumba, kutapika, kusema kwa ulimi mzito. Aliyeishiwa sukari mwilini pia. Ukishaandika "amelewa", kila anayekufuata ataacha kutafuta. Ya pili ni ya mahakama: umempa wakili nafasi ya kusema kuwa mgonjwa hakujua anachokisema. Andika ulichokigundua. Harufu ya pombe kwenye pumzi, ipo au haipo. Usemi ulieleweka au la. Alitembeaje. Kipimo cha fahamu cha Glasgow, kikiwa kimegawanywa macho, usemi na viungo, siyo jumla peke yake. Kama damu imepimwa pombe, andika kipimo na saa ilipochukuliwa. Kama haikupimwa, basi huna msingi wa kusema zaidi ya harufu.

Juu ya "hali nzuri" sitasema mengi. Haina maana, na hakuna anayeweza kuitetea.

Sasa tuandike upya. Mgonjwa ni yuleyule, usiku ni uleule. Nitaisoma kwa sauti nanyi mfuate.

"Mgonjwa alifika mapokezi Ijumaa, 14 Machi 2025, saa 22:40, akiwa na mtu aliyejitambulisha kuwa kaka yake. Nilianza kumpima saa 23:15 katika chumba cha 2, muuguzi wa zamu akiwepo, kaka akiwa nje. Mgonjwa alieleza mwenyewe bila mkalimani: 'Tuligombana na jirani. Alinipiga na chuma kichwani, nadhani mara mbili. Nikaanguka, nikajizuia kwa mkono.' Nilimuuliza saa. Alijibu: 'Kama saa mbili usiku hivi.' Kaka, alipoulizwa baadaye, alisema hakuwepo ila amesikia kwa watu kuwa lilikuwa panga.

"Macho 4, usemi 5, viungo 6. Harufu ya pombe ilikuwepo kwenye pumzi. Usemi ulieleweka. Alitembea bila kushikwa. Damu haikupimwa pombe.

"Jeraha la 1: upande wa kushoto wa kichwa, sentimita 6 juu ya tundu la sikio. Ngozi imefunguka kwa urefu wa sentimita 4.2. Kingo hazikunyooka na zimechubuka kwa upana wa milimita 3 hivi. Baada ya kusafisha, nyuzi za tishu zilionekana zikivuka kutoka ukingo hadi ukingo. Mfupa haukuonekana, nilipogusa kwa kidole chenye glavu sikuhisi mfupa uliobonyea. Vipimo vilichukuliwa kabla ya kushona.

"Jeraha la 2: kiganja cha mkono wa kulia, upande wa kifundo. Mchubuko mwekundu wenye unyevu, sentimita 3 kwa 2, na chembe za mchanga ndani yake.

"Jeraha la 3: mbele ya paja la kushoto, sentimita 15 juu ya kilele cha goti. Damu iliyovilia, sentimita 5 kwa 4, kahawia katikati na manjano pembeni, chini ya taa nyeupe ya chumba. Mgonjwa alisema hajui ilitoka wapi.

"Hakukuonekana jeraha usoni, shingoni, kifuani, tumboni, mgongoni, kwenye mkono wa kushoto, wala kwenye mikono yote miwili kuanzia kiwiko hadi kifundo. Sehemu za siri hazikukaguliwa. Mgonjwa alisema hana tatizo huko na hakutaka kukaguliwa.

"Imeandikwa Jumamosi, 15 Machi 2025, saa 00:50."

Ni ndefu kuliko ya mwanzo, ndiyo. Nimeisoma kwa dakika mbili hivi. Tazameni aya ile ya "hakukuonekana". Watu huiruka kwa kuwa wanaona haina habari, nami naiona kuwa miongoni mwa aya zenye faida kubwa. Mtu anayejikinga na kitu kinachomjia kichwani huinua mikono, na mara nyingi majeraha huangukia nje ya mkono, kati ya kiwiko na kifundo. Mahakama inaweza kutaka kujua kama yalikuwepo. Kama hukuandika, hakuna anayeweza kujua kama hayakuwepo au hukutazama. Hapa tunajua ulitazama. Na palipobaki bila kukaguliwa tunajua pia, pamoja na sababu.

Mpaka hapa hakuna maoni hata moja. Maoni yana sehemu yake, chini, yenye kichwa chake, ili asomaye ajue ametoka kwenye yaliyoonekana na ameingia kwenye yanayofikiriwa. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza: si mmetukataza kubahatisha, maoni yanatoka wapi? Maoni yanaruhusiwa pale ambapo msingi wake umeandikwa juu yake na yana kipimo cha uhakika. Kubahatisha ni yale yasiyo na kimojawapo.

Kwa kipimo hicho cha uhakika, napenda ngazi iliyo katika Itifaki ya Istanbul, mwongozo uliowasilishwa Umoja wa Mataifa mwaka 1999 kwa ajili ya kuchunguza na kuhifadhi kumbukumbu za utesaji. Inafaa hata nje ya mambo ya utesaji. Ina daraja tano. Jeraha haliendani na maelezo, yaani lisingeweza kutokea hivyo. Linaendana, yaani lingeweza kutokea hivyo, lakini sababu nyingine ni nyingi. Linaendana sana, sababu nyingine ni chache. Ni la kawaida kwa tukio la aina hiyo, ingawa sababu nyingine zipo. Na mwisho, lisingeweza kutokea kwa njia nyingine yoyote. Kwa uzoefu wangu kazi kubwa ya kila siku hufanyika kwenye daraja la pili na la tatu, na anayejikuta kwenye la tano kila wiki aanze kujitilia shaka.

Maoni ya mgonjwa wetu basi yatakuwa hivi:

"Jeraha la 1 lina sifa za kugongana na kitu butu. Linaendana na kupigwa kwa kipande cha chuma kama mgonjwa alivyoeleza. Linaweza pia kutokana na kuanguka na kugonga kichwa kwenye kitu kigumu. Halina sifa za kukatwa kwa makali. Nimeona jeraha moja kichwani; uchunguzi huu hauwezi kuthibitisha wala kukanusha pigo la pili. Jeraha la 2 linaendana na kuanguka juu ya kiganja. Jeraha la 3 lina rangi ya manjano, hivyo haliendani na tukio la takriban saa tatu kabla ya uchunguzi."

Oneni kilichotokea. Panga limetoka. Jeraha la paja limetoka. Mtu wa haraka atasema daktari amemdhoofisha mgonjwa wake. Sikubaliani naye. Kwenye ile ripoti ya kwanza, wakili angeonyesha picha ya jeraha kwa mtaalamu wake, mtaalamu angesema hili si la panga, na mgonjwa aliyesema kweli tangu mwanzo kwamba alipigwa na chuma angeonekana mwongo kwa neno ambalo hakulitamka. Tazameni pia kisichokuwemo: jina la mshtakiwa, nia yake, nani alianza ugomvi. Jeraha haliwezi kusema lolote juu ya hayo.

Niseme kidogo juu ya nguo, kwa kuwa huwa tunazikata kwa mkasi tunapomhudumia mgonjwa. Kateni mbali na tundu au mchaniko uliopo. Nguo yenye damu ikaushwe, iwekwe ndani ya mfuko wa karatasi, kwa maana mfuko wa plastiki hushika unyevu na nguo ikaota ukungu. Kila anayeipokea aandike jina, tarehe na saa. Mkono mmoja ukikosekana kwenye mlolongo huo, nguo inaweza kukataliwa yote.

Muda wangu unaisha, na nimeona mikono. Swali la kwanza ni la dada muuguzi: ukikosea kuandika, unafanyaje? Pitisha mstari mmoja juu ya kosa, likiendelea kusomeka, andika lililo sahihi kando yake, weka herufi za jina lako, tarehe na saa. Usifute kwa wino mweupe, usichane ukurasa, usinakili upya kwenye karatasi safi ukatupa ya kwanza. Karatasi safi mno ndiyo inayotiliwa shaka. Kwa wale wa kompyuta, mfumo mwingi huhifadhi nani alibadilisha nini na saa ngapi, na kumbukumbu hiyo inaweza kuitishwa. Tena kwenye kompyuta kuna balaa lake: fomu inayojijazia "kawaida" kila mahali. Nimesoma ripoti ya mtu aliyevunjika mguu ambayo chini yake imeandikwa kwamba mwendo wake ni wa kawaida. Futeni kila "kawaida" ambayo hamkuipima.

Swali la pili, la daktari aliye karibu na dirisha, ni gumu zaidi. Anasema ndugu wa mgonjwa wamerudi baada ya siku nne, na askari yuko pamoja nao, wanaomba ile "kitu butu" iwe "panga" kwa sababu panga limepatikana. Daktari, ripoti ya kwanza haiguswi. Unaweza kuandika ya nyongeza, yenye tarehe ya siku hiyo, inayotaja tarehe ya ile ya kwanza, inayosema nani amekuletea nini na saa ngapi. Kama umeonyeshwa panga, lieleze: urefu, upana wa bapa, kama lina upande butu. Kisha rudi kwenye kingo zilizochubuka na zile nyuzi za tishu, uulize kama upande butu au bapa la panga hilo lingeweza kuzifanya. Huenda jibu likawa linaendana. Makali yake bado hayaendani, na hilo nalo uliandike kwenye ripoti hiyohiyo ya nyongeza, hata kama waliokuja wamesimama mlangoni wanasubiri.